Mashua moja ikibahatika: kubana au kukata kabla ya wastani

Vijana wanaojaza daftari za mizani hapa Malindi huniuliza swali hili kila msimu: mashua moja ikirudi na shehena isiyo ya kawaida, tuifute kabla ya kupiga wastani? Mimi, kama mtu wa takwimu za uvuvi, kwanza huwaambia wakaangalie risiti. Kama 214 ilikuwa 21.4 na nukta ikasahaulika, basi hilo ni kosa la kuandika na dawa yake ni kulisahihisha. Yanayofuata hapa yanahusu samaki waliopimwa kweli.

Tuchukue mashua 10 za mshipi, siku moja ya kaskazi. Namba nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi. Kwa kilo ni: 6, 14, 17, 18, 20, 22, 23, 25, 31 na 214. Ile ya 6 mashine ilizima ikarudi mapema. Ile ya 214 iliangukia kundi la jodari. Wastani wa kawaida ni kilo 39, namba isiyofanana na mashua yoyote: tisa ziko chini yake na moja iko mbali juu.

Kukata ni kuondoa asilimia 10 kila upande, yaani 6 na 214 zinatoka. Zinabaki mashua 8 zenye kilo 170, na wastani ni 21.25. Kubana ni tofauti. Mashua zote 10 zinabaki, ila 6 inapandishwa hadi 14 iliyo jirani yake, na 214 inashushwa hadi 31. Jumla inakuwa 215, wastani 21.5. Njia hii ya kubana mwanatakwimu John Tukey aliipa jina la Charles Winsor, mhandisi wa Kimarekani aliyehamia takwimu za baiolojia.

Mtu akiona 21.25 na 21.5 atasema ni yale yale. Siku hiyo, ndiyo. Lakini badilisha namba moja tu: mashua ya pili kutoka juu nayo ipate jodari, 31 iwe 71. Wastani wa kukata unapanda kilo 5 na kufika 26.25. Wa kubana unapanda kilo 8, hadi 29.5.

Sababu ni hii. Ukikata, ile 71 ni mashua moja kati ya 8, kwa hiyo kila kilo yake inausogeza wastani kwa 0.125. Ukibana, 71 inahesabiwa mara mbili, kwa niaba yake na kwa niaba ya ile ya 214, kwa hiyo kila kilo inausogeza kwa 2/10, yaani 0.2. Kubana kunakubali kwamba kulikuwa na mashua iliyopata sana, kisha kunakataa kuamini ilipata sana kiasi gani. Kukata hakusemi lolote juu yake. Mimi hupendelea kubana pale ambapo zile za pembeni ni wavuvi halisi na majirani zao wako karibu na kundi. Jirani mwenyewe akiwa mbali, kama hiyo 71, nakata, maana namba moja yenye mashaka imepewa kura mbili.

Kuna mtego kwenye kompyuta. Wengi hubana kwa kutumia asilimia badala ya kuhesabu nafasi:

```python
import numpy as np
from scipy.stats import trim_mean
from scipy.stats.mstats import winsorize
a = np.array([6,14,17,18,20,22,23,25,31,214])
trim_mean(a, 0.1)                        # 21.25
winsorize(a, limits=(0.1, 0.1)).mean()   # 21.5
np.clip(a, *np.percentile(a, [10, 90])).mean()  # 23.25
```

Mstari wa mwisho haulingani na ule wa juu yake. Kwa mashua chache hivi, `np.percentile` huweka kikomo kati ya 31 na 214, hapa 49.3. Ile 214 tuliyotaka kuizuia imeshiriki kupanga kikomo chake yenyewe; ingekuwa 400, kikomo kingepanda hadi 67.9. Ukiwa na mamia ya mashua tofauti hii kwa kawaida huwa ndogo, lakini daftari la siku moja la bandari ndogo halina mamia.

Halafu kuna swali la barafu. Mwenye ghala akitaka kujua samaki wangapi walishuka, hizi wastani mbili zote hazimfai. Ukizidisha 21.5 kwa mashua 10 unapata kilo 215, ilhali zilizopita kwenye mizani ni 390. Wale jodari wapo, na wanahitaji barafu. Kwake yeye peleka 39, pamoja na jinsi zilivyogawanyika. 21.5 ni ya anayeuliza mashua ya kawaida ilipata nini, na pembeni yake uandike kwamba mashua 2 zilibanwa, kwenye 14 na 31.