Ng'ombe amekataa kitanda: pima kabla hujamlaumu

Mama mmoja wa Machame aliniita kwa sababu ya maziwa yenye mabonge. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, chotara wa Friziani, na mtamba mmoja wa kama mwaka na miezi mitatu, wote wakiwa bandani pembeni ya migomba. Ng'ombe mmoja alikuwa ameugua kiwele mara tatu ndani ya miezi mitano. Kila mara alitiwa dawa kwenye chuchu, akapona, akarudia. Nilipofika saa nne asubuhi nikamkuta amelala, lakini amelala kwenye ujia wa samadi, kiwele kikiwa ndani ya tope, na nyuma yake vitanda vitatu vikavu, yaani nafasi za kulalia ng'ombe, havina mtu.

"Daktari, huyu ana ukaidi," Mama akaniambia. "Nimemwekea maranda mazuri, hayataki." Mimi si daktari, ni mtu wa mifugo tu, ila nimeshaacha kubishana kuhusu cheo. Kuhusu ukaidi ndiyo nilibisha.

Ng'ombe wa maziwa akipewa nafasi hulala saa 12 hivi kati ya 24, wengine hufika 14. Hapo ndipo anapocheua kwa utulivu, miguu inapumzika, na damu nyingi zaidi inapita kwenye kiwele. Akinyimwa kulala huko na akanyimwa chakula kwa muda uleule, akifunguliwa ataanza kulala kabla ya kula. Mnyama wa namna hiyo haachi kitanda kikavu akalale topeni kwa kiburi. Ana sababu, na mara nyingi sababu hiyo inapimika kwa futi kamba.

Tukapima. Kitanda kilikuwa na urefu wa sentimita 180 kutoka kizingiti cha nyuma hadi ukuta wa mbao wa mbele, na upana wa sentimita 105. Mti wa shingo, ule unaopita juu kwa mbele, ulikuwa sentimita 140 kutoka kizingiti, kimo sentimita 95. Fundi alijenga vipimo vya ng'ombe wa kienyeji. Kwa chotara mkubwa wa Friziani mimi hutaka urefu wa sentimita 210 hadi 240, upana 115 hadi 120, na mti wa shingo uwe kama sentimita 170 kutoka kizingiti, kimo 110 hadi 120. Jezi anaweza kupungua kidogo kila upande.

Urefu huo haumhusu ng'ombe akiwa amelala tu. Mtazame anavyoinuka malishoni. Anapiga magoti ya mbele, anasukuma kichwa na shingo mbele kwa nguvu, uzito unahamia mbele, ndipo nyuma inanyanyuka. Kichwa kinahitaji nafasi ya zaidi ya nusu mita mbele ya pale alipolaza kifua. Ukuta ukiwa hapo puani hawezi kuinuka kwa njia yake. Utamwona ameanza kunyanyua mbele kwanza, amekaa kama mbwa, halafu anajivuta. Akijigonga mara mbili tatu, hatarudi tena kulala mahali ambapo kuamka ni mateso. Dalili nyingine ni ng'ombe aliyesimama miguu ya mbele kitandani na ya nyuma kwenye ujia kwa muda mrefu. Huyo mti wa shingo umemzuia, ametaka kuingia akashindwa.

Wapo wanaouliza, basi si tujenge kitanda kikubwa sana tumalize? Hapana. Kikiwa kipana anageuka au analala mshazari, na samadi inaangukia kitandani. Kikiwa kirefu mno bila mti wa shingo, anasogea mbele sana na kunya ndani ya maranda. Kipimo sahihi ni kile kinachomruhusu alale mwili mzima kitandani huku mkia na kinyesi vikiwa nje ya kizingiti.

Kosa la pili la banda lile lilinishangaza zaidi, kwa sababu lilifanywa kwa nia njema. Fundi alitaka mkojo ushuke haraka, kwa hiyo sakafu ya kitanda iliporomoka sentimita 20 kutoka mbele hadi nyuma, ndani ya zile sentimita 180. Ukigawanya unapata sentimita 11 kwa kila mita. Mteremko unaotakiwa ni sentimita 2 hadi 4 kwa mita. Ng'ombe anapenda kulala mbele kukiwa juu kidogo, na hiyo inamwelekeza alale kichwa kikiwa upande sahihi. Lakini ukizidisha, anateleza usiku kucha kuelekea nyuma, mwisho matako na kiwele viko kwenye kizingiti au nje kabisa. Matandiko nayo yanafuata. Nilikuta maranda yamejaa nyuma kama lundo, na mbele, ambako magoti yanatua, ni saruji tupu.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Funga uzi kutoka mbele ya kitanda hadi nyuma, uweke sawa kwa pima maji ya fundi, halafu pima umbali kati ya uzi na sakafu pale kwenye kizingiti. Rudia kwa upande, maana kitanda kilichoinama kushoto au kulia kinamfanya alale mshazari. Ujia wa samadi nao upewe mteremko wa sentimita 2 au 3 kwa mita kuelekea shimo, na fundi asiusugue kwa mwiko mpaka ung'ae. Aukwaruze kwa ufagio mgumu zege likiwa bichi. Nimeshaona ng'ombe amevunjika nyonga kwenye sakafu iliyosifiwa kwa usafi.

Kabla hatujagusa chochote nilimwomba kijana wa nyumbani ahesabu. Kuanzia saa mbili na nusu usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi achungulie kila nusu saa kwa tochi hafifu, aandike kama yule ng'ombe amelala au amesimama, na yuko wapi. Machungulio 20. Akaniletea karatasi: amelala mara 7, na kati ya hizo 4 ni kwenye ujia. Kwa usiku, wakati ambao ng'ombe wengi huwa wamelala, hiyo ni kidogo mno.

Matengenezo yalichukua siku mbili. Ukuta wa mbele ulikuwa wa mbao, hivyo tuliung'oa na kuusogeza sentimita 35, kitanda kikawa na sentimita 215. Hatukuuziba tena wote. Tuliacha ubao mmoja chini na mti mmoja kwenye kimo cha mita moja, katikati kukawa wazi ili kichwa kipite wakati wa kuinuka. Nyuma tuliinua sakafu kwa sentimita 13, mawe madogo na moramu iliyoshindiliwa, ikipungua polepole kuelekea mbele. Kizingiti, ambacho awali kilisimama sentimita 7 tu juu ya ujia na tope likawa linakivuka, kikafika 20. Mteremko mpya ni kama sentimita 8 kwa kitanda kizima. Upana ulituchosha kichwa, maana sentimita 315 za vitanda vitatu hazikuongezeka. Tukasogeza vigawanyio: ng'ombe wakubwa 115 kila mmoja, mtamba akabakiwa na 85.

Sasa matandiko. Kwa kiwele, swali la kwanza si ulaini, ni unyevu. Vijidudu vya mazingira, kama E. coli, Klebsiella na Streptococcus uberis, vinaishi kwenye kinyesi na matandiko yenye maji. Tundu la chuchu hubaki wazi nusu saa au zaidi baada ya kukamua, na ng'ombe akilala wakati huo kwenye uchafu, mlango uko wazi. Ndiyo maana majani mabichi huwekwa horini mara tu baada ya kukamua, asimame ale kwanza.

Maranda makavu ni mazuri. Vumbi laini la mbao si zuri kama maranda, linaganda kwenye chuchu, na likitoka kwenye mbao mbichi Klebsiella hulipenda sana. Mabua ya mahindi yafaa yakikatwakatwa na kukaushwa. Majani makavu ya mgomba yanafaa pia, ila shina la mgomba ni chakula na maji, usilitandike. Mchanga ndio bora kwa kiwele kwa kuwa vijidudu havipati cha kula humo, lakini Mama ana mtambo wa biogesi, na mchanga ukiingia hutuama chini na kuujaza. Tukabaki na maranda, unene wa sentimita 15, yakishikiliwa na mti mwembamba uliofungwa kwenye kizingiti.

Kazi ya kila siku iko kwenye theluthi ya nyuma ya kitanda. Hapo ndipo kiwele kinapolala. Asubuhi na jioni unatoa kilicholowa, unavuta kikavu kutoka mbele, unaongeza kidogo. Ukiwa na chokaa ya kilimo nyunyiza konzi moja chini ya matandiko. Inasaidia kwa siku moja au mbili tu, na isiwe chokaa hai, inaunguza chuchu. Kujua kama kitanda kiko tayari, piga magoti humo mwenyewe, kaa nusu dakika. Magoti ya suruali yakilowa au yakiuma, ng'ombe naye ameshaamua.

Baada ya wiki tatu kijana akahesabu tena: mara 13 kati ya 20, zote kitandani. Siku tatu za mwanzo hakuingia kabisa, ikabidi wafunge ujia kwa mti usiku. Robo moja ya nyuma ya kiwele ilikuwa tayari imekuwa ngumu ndani, haikurudisha maziwa yake. Robo nyingine tatu tulizipima kila wiki kwa CMT, kipimo kinachofanya maziwa ya robo yenye ugonjwa yagande, na hazikuganda tena msimu ule wa masika.

Ng'ombe wa pili, ambaye hakuwa amewahi kuonyesha mabonge, alikutwa na robo moja inayoganda kwenye kipimo, na kitanda hakikubadilisha chochote. Sampuli ya maabara ilionyesha Staphylococcus aureus. Kijidudu hicho huambukiza kupitia mikono ya mkamuaji na kitambaa cha kufutia, na hata maranda makavu kiasi gani hayakiondoi. Ng'ombe huyo anakamuliwa wa mwisho, kitambaa chake peke yake, chuchu zinachovywa dawa baada ya kukamua. Kwa hiyo vipimwe vyote viwili, kitanda na maziwa, na usiruhusu mtu akuuzie saruji kama dawa ya kila ugonjwa wa kiwele.

Mtamba analala vizuri kwenye sentimita zake 85, kwa sasa. Amepandishwa mwezi uliopita. Akifika miezi sita ya mimba hataenea tena, na ng'ombe anayekaribia kuzaa ndiye anayehitaji kitanda kikavu kuliko wote. Mama ameshaniuliza ukuta upi tubomoe.