Marejesho ya jasho: video ipi imerudisha gharama yake?

Wenye chaneli za YouTube wakikutana huulizana jambo moja: video yako imetazamwa mara ngapi? Mimi huuliza swali la pili: ilikula kiasi gani mpaka ikapandishwa? Ukiyaweka majibu hayo mawili pamoja unapata kipimo ninachokiita marejesho ya jasho. Maana yake ni gharama kamili ya kutengeneza video moja, ikilinganishwa na muda ambao watu wameitazama na pesa iliyoingiza.

Gharama kamili ndiyo inayokosewa zaidi. Mtu hukumbuka nauli, bando na chakula alichopikia mbele ya kamera, akasahau usiku mbili alizokaa akihariri. Saa zako zina bei. Ikiwa jioni hizo ungepiga picha za kipaimara au kusahihisha mitihani ya tuisheni, ungelipwa, na malipo hayo uliyoyaacha ndiyo thamani ya saa yako. Kamera na maiki navyo havikuokotwa, kwa hiyo gawa bei yake kwa idadi ya video unazotarajia kutengeneza kabla havijachoka.

```
gharama kamili = fedha taslimu + (saa za kazi × thamani ya saa) + mgao wa vifaa
gharama ya saa moja ya kutazamwa = gharama kamili / Watch time (hours)
marejesho = mapato / gharama kamili
```

Tuchukue mfano wa chaneli ya mapishi ya Dar es Salaam. Mwenyewe anaihesabu saa yake kuwa shilingi 4,000, na vifaa vyake vya shilingi 1,800,000 anataka vitoe video 150, yaani mgao wa 12,000 kwa kila moja.

Video ya kwanza ni pilau, imerekodiwa jikoni kwake. Viungo, nyama, gesi na bando vimekula 33,000. Saa za kazi ni 12, nusu yake ni za kuhariri, nazo ni 48,000. Ukijumlisha mgao wa vifaa, pilau limegharimu 93,000.

Video ya pili aliifuata Pemba, kurekodi pweza anavyovuliwa mpaka anavyoungwa kwa nazi. Nauli, malazi na chakula vilifika 260,000, na kijana wa kumshikia kamera ya pili akalipwa 60,000. Safari, kurekodi na kuhariri vilichukua saa 40, sawa na 160,000. Pamoja na vifaa, jumla ni 492,000.

Siku 90 baadaye Pemba imetazamwa mara 30,000 na pilau mara 9,000. Hapo ndipo watu wengi hukata shauri kwamba Pemba imeshinda. Lakini kila mtazamaji wa pilau alikaa wastani wa dakika 4, hivyo limekusanya saa 600, na kila saa imemgharimu mwenye chaneli shilingi 155. Pemba, kwa wastani wa dakika 5, ina saa 2,500, kila moja kwa takribani shilingi 197. Kwa upande wa mapato, pilau limeingiza 23,400 na Pemba 90,000. Pilau limerudisha robo ya gharama yake, Pemba chini ya moja ya tano.

Zote mbili bado zina hasara, na kama ungefunga daftari siku hiyo ungekata tamaa bure. Pilau hutafutwa mwaka mzima, hasa sikukuu zinapokaribia. Tuseme mwaka unatimia likiwa limetazamwa mara 38,000 na kuingiza 98,800: limejilipa na kuzidi kidogo. Pemba, iliyopanda kwa sababu watu waliitumiana wiki za mwanzo, imeishia 41,000 na mapato ya 123,000, robo tu ya gharama. Kwa hiyo linganisha video zikiwa na umri sawa, siku 90 kwa siku 90, kisha rudia zikitimiza mwaka. Kupambanisha video ya mwezi huu na ya mwaka jana ni kumshindanisha mtoto na mtu mzima.

Takwimu zenyewe zimo YouTube Studio, sehemu ya `Analytics`: angalia `Watch time (hours)`, `Average view duration`, `RPM` na `Estimated revenue`, ukichagua tarehe kuanzia siku video ilipopandishwa. `RPM` ni pesa inayokufikia wewe kwa kila mara 1,000 za kutazamwa, baada ya YouTube kuchukua fungu lake. Nimeona watu wakiikata tena asilimia 45, wakajipunja wenyewe katika hesabu. Kuna makato mengine, hata hivyo, ambayo `Estimated revenue` haiyaonyeshi. Mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani hukatwa kodi ya huko, na kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, kiwango ni asilimia 30. Ikiwa ndugu zetu wa Minnesota na Texas ndio wanaokutazama sana, usiisahau.

Kabla chaneli haijaanza kulipwa matangazo, safu ya mapato ni sifuri, na hapo saa za kutazamwa ndizo zinazobeba hesabu yote. Njia ya kawaida ya kufikia mapato hayo hutaka watu 1,000 waliojiunga na chaneli na saa 4,000 za kutazamwa hadharani ndani ya miezi 12. Kwa chaneli changa, saa inayopatikana kwa shilingi 155 ni bora kuliko ya 197, hata kama video ya pili ndiyo inayosifiwa mtaani.

Sehemu yenye faida kubwa katika hesabu hii, kwa maoni yangu, ni kujua jasho lilimwagikia wapi. Video ya Pemba ina dakika 18, na mtazamaji wa kawaida anaondoka ya tano. Wapo wanaofika mwisho, lakini ni wachache, na nusu ya pili ilihaririwa kwa uangalifu uleule wa nusu ya kwanza. Fungua mchoro wa watazamaji wanaobaki, utaona mstari unavyoshuka na ni wapi unaanguka ghafla. Kama Pemba ingekatwa ikabaki dakika 10, saa kama sita za kuhariri zingeokolewa, yaani shilingi 24,000, na bado ingevuka dakika 8 zinazoruhusu matangazo katikati ya video.

Hesabu hii ina mipaka yake. Haioni mtu aliyekuja kwa pweza, akajiunga, kisha akatazama mapishi yako mengine kumi. Na ikiwa kampuni ya viungo ilikulipa kwa sababu ya video ya Pemba, pesa hiyo iandikwe kwenye mapato ya Pemba, maana matangazo ya YouTube peke yake yangeidhulumu.

Kwa huyu wa mapishi, sioni sababu ya kuacha kwenda Pemba. Kilichomwelemea ni kwamba safari nzima ilibebwa na video moja. Akirudi na video tatu kwa nauli na malazi yaleyale, pweza, mkate wa kumimina na soko la asubuhi la samaki, zile 260,000 zinagawanyika kuwa kama 87,000 kwa kila video.