Upatu unavuka, kayamba linabaki: kupanga midundo ya punje 12

Wiki iliyopita mwanafunzi aliniletea zulia la midundo alilolitengeneza kwenye kompyuta, mita ya kumi na mbili kwa nane, ala nne. Kila ala ilikuwa sahihi, ila zote zilikuwa zikitua pamoja, na mzunguko mzima ukasikika kama mtu anayepanda ngazi. Tulifuta tukaanza na upatu peke yake.

Mzunguko nauhesabu kwa punje 12. Kila punje tatu hufanya dundo moja, yale madundo manne ambayo mguu wa mchezaji hukanyaga. Ramani tuliyoifikia ni hii:

```
punje    1 2 3 4 5 6 7 8 9 10 11 12
upatu    x . x . x x . x . x  .  x
kayamba  X x x X x x X x x X  x  x
chapuo   . . . o . . o . . .  k  .
vumi     x . . . x . . . x .  .  .
```

Mpigo wa upatu hapo si wa pwani yetu. Ni wa Afrika Magharibi. Waewe wa Ghana huupiga kwa kengele yao ya gankogui. Basi huu ni mchanganyiko wangu, usiuite sengenya wala chakacha, wazee watakucheka.

Utazame vizuri. Unaanza kwenye namba witiri: 1, 3, 5. Halafu unapiga 5 na 6 mfululizo, na kuanzia hapo umehamia namba shufwa: 6, 8, 10, 12. Kutoka 12 kwenda 1 unarudi ulikotoka. Upatu unavuka mto mara mbili kila mzunguko, ilhali mguu haujasogea. Ukipiga makofi kwenye 1, 4, 7 na 10 huku ukitamka upatu kwa mdomo, utasikia kwamba 4 na 7 unazipiga peke yako. Mwanafunzi wangu alikwama hapohapo kwa robo saa, kofi lake likivutwa kwenye 3 na 8.

Ndiyo maana chapuo nimeliweka kwenye 4 na 7: linayasema madundo ambayo upatu umeyaruka. Pigo la 11 ni kofi kavu, kiganja kimebaki kwenye ngozi, linaloingia kwenye pengo la mwisho la upatu.

Kayamba lina siri yake. Ukilitikisa mbele na nyuma bila kusimama, dundo la kwanza linaangukia mkono ukienda mbele, la pili ukirudi nyuma, la tatu mbele tena. Sauti hizo mbili hazifanani. Ukitumia rekodi moja kwa punje zote, sikio linajua mara moja kwamba hakuna mkono. Rekodi mbili zinatosha. Tena mbegu huanza kuteleza kabla hazijagonga ukuta, kwa hiyo ukipanga mwanzo wa rekodi kwenye mstari, mgongo wa sauti unachelewa. Rekodi zangu nilizivuta mapema kwa milisekunde 25. Zako zipime kwa sikio dhidi ya upatu.

Vumi ndilo linaloharibu kazi za watu wengi. Linapiga kila baada ya punje nne, matatu dhidi ya manne ya kayamba, na utamu wa kupishana unatoka hapo. Lakini likizidi nguvu, msikilizaji anahamisha mguu wake kwenye matatu na wimbo unageuka waltzi. Kulijua ni rahisi: mchezeshe mtu ambaye hajausikia, umwombe apige makofi. Akipiga mara tatu kwa mzunguko, punguza vumi, kwanza pigo la 9, kwa sababu hapo upatu umenyamaza na vumi linabaki karibu peke yake.

Punguza na mkia wake. Kwa kasi ya madundo 120 kwa dakika, mzunguko ni sekunde 2 na punje moja ni kama milisekunde 167. Kutoka vumi la 5 hadi chapuo la 7 ni punje mbili, yaani milisekunde 333. Mkia ukipita hapo, chapuo linazama. Mimi huukata kwenye 300 hivi.

Na kuhusu hiyo kasi: programu nyingi husoma tempo kwa noti ya robo, ambayo ni punje mbili tu, si tatu. Ukitaka madundo 120, andika 180. Mwanafunzi aliandika 120, ngoma ikatambaa kwa madundo 80, akadhani tatizo ni kayamba.