Inveshoni za kromosomu: krosova haizuiwi, mazao yake ndiyo hupotea

Inveshoni ni kipande cha kromosomu kilichokatika sehemu mbili, kikageuka kinyume, kisha kikaunganishwa tena pale pale. Fikiria uzi wa shanga: unakata mahali pawili, unageuza kipande cha kati, unafunga upya. Hakuna shanga iliyopotea wala iliyoongezeka. Ndiyo maana mbebaji wa inveshoni kwa kawaida ana afya njema. Matatizo huanza anapotengeneza mayai au mbegu za kiume, na hapo ndipo dhana potofu zinapojaa.

Dhana: Inveshoni huzuia krosova isitokee

Krosova ni kromosomu mbili kubadilishana vipande. Sentensi hii huandikwa hata vitabuni, nayo ni kweli nusu tu. Katika meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai na mbegu za kiume, kila kromosomu hujipanga sambamba na mwenzake, jeni kwa jeni. Ikiwa mmoja ni wa kawaida na mwingine amegeuka (hali ya heterozigoti), namna pekee ya jeni zote kukutana ni mmoja kujikunja kitanzi. Ndani ya kitanzi hicho krosova hutokea. Kinachokosekana ni watoto waliorithi kromosomu zilizobadilishana vipande.

Tufuate krosova moja hatua kwa hatua. Herufi O ni sentromia, yaani mahali kromosomu inaposhikwa ili ivutwe seli inapogawanyika, na kipande B-C-D ndicho kilichogeuka:

```
kawaida:     O-A-B-C-D-E-F
inveshoni:   O-A-D-C-B-E-F
```

Krosova ikitokea kati ya C na D, kromatidi ya kawaida, yaani nakala moja ya kromosomu hiyo, inaanza O-A-B-C, kisha inaruka kwa mwenzake. Lakini kwa mwenzake ukitoka C kwenda D unaelekea A na sentromia, si E na F. Matokeo:

```
O-A-B-C-D-A-O        (sentromia mbili)
F-E-D-C-B-E-F        (haina sentromia)
```

Seli inapogawanyika, kromatidi yenye sentromia mbili huvutwa pande zote mbili kwa pamoja. Inanyooka kama daraja katikati ya seli, kisha inakatika au inakwama. Ile isiyo na sentromia haina pa kushikwa, kwa hiyo hupotea. Ukiona chini ya hadubini daraja pamoja na kipande kilichoachwa pembeni katika anafasi ya kwanza, hiyo ndiyo alama ya inveshoni ya parasentriki, yaani ile isiyohusisha sentromia.

Kwa nini basi nasema sentensi ile ni kweli nusu? Kwa sababu karibu na ncha za kipande kilichogeuka kitanzi hubana, na kromosomu hazishikani vizuri. Inveshoni ndogo sana mara nyingi haifanyi kitanzi kabisa: hujilaza sambamba na mwenzake bila jeni kulingana, na hapo krosova kweli hupungua. Kwa hiyo kuna sababu mbili, ya kuzuiwa na ya kupotea, na katika inveshoni kubwa ya pili ndiyo hubeba uzito.

Dhana: Kipande kilichogeuka ndicho kinachozidi au kupungua kwa mtoto

Hili huwapotosha hata wanafunzi wazuri. Tazama tena mistari miwili ya mwisho hapo juu: B, C na D zipo katika kila mmoja, mara moja tu. Kilichojirudia au kukosekana ni A, O, E na F, yaani sehemu zilizo *nje* ya inveshoni.

Katika inveshoni ya perisentriki, ambayo sentromia imo ndani ya kipande kilichogeuka, jambo hili huonekana waziwazi na lina uzito zaidi kwa binadamu. Hapa hakuna daraja wala kipande kinachopotea. Kila kromatidi ina sentromia moja, inagawanyika bila shida na kuingia kwenye gameti, yaani yai au mbegu ya kiume. Kosa linasafiri kimya. Tuite ncha ya mkono mfupi P na ya mkono mrefu Q:

```
kawaida:     P-a-O-b-Q
inveshoni:   P-b-O-a-Q
krosova kati ya O na b hutoa:
             P-a-O-b-P
             Q-b-O-a-Q
```

Ya kwanza ina P mbili na haina Q. Ya pili ina Q mbili na haina P. Krosova moja ikitokea popote pengine ndani ya kitanzi, matokeo ni yale yale mawili. Kwa hiyo anayetaka kujua hatari asiulize jeni zilizo ndani ya inveshoni. Aulize ncha mbili zilizobaki nje zina urefu gani.

Dhana: Hatari ni ile ile kwa kila mbebaji

Inveshoni ya kromosomu ya 9, inayoandikwa `inv(9)(p12q13)`, hupatikana kwa watu wapatao 1 hadi 2 katika kila 100. Kipande chake ni kidogo, nacho kimejaa DNA ya kujirudia iliyo karibu na sentromia, mahali ambapo krosova ni adimu. Maabara nyingi huihesabu kuwa tofauti ya kawaida tu, na kumtisha mtu kwa sababu yake ni kumwonea.

Sasa linganisha na `inv(8)(p23.1q22.1)`, inayojulikana sana miongoni mwa familia za asili ya Kihispania katika majimbo ya Colorado na New Mexico, Marekani. Kromosomu ya 8 ina urefu wa jozi za besi milioni 145 hivi, na kipande kilichogeuka kinachukua zaidi ya nusu yake. Krosova kuangukia ndani ni jambo la kutarajiwa. Ncha ya mkono mfupi iliyobaki nje ni ndogo, takriban milioni 10. Ile ya mkono mrefu ni milioni 50 hivi.

Krosova moja ikitokea kitanzini, kromatidi nne zinagawanyika hivi: moja ni ya kawaida, moja ni inveshoni kamili isiyo na dosari, moja ina Q mbili, moja ina P mbili. Ile yenye P mbili imekosa jozi milioni 50 za mkono mrefu, na upungufu mkubwa kiasi hicho kiinitete hakiustahimili. Ile yenye Q mbili imekosa kipande kidogo tu cha mkono mfupi, kwa hiyo mimba inaweza kufika mwisho na mtoto kuzaliwa akiwa na kasoro za moyo na uwezo wa akili uliodumaa. Hesabu ya juu kabisa ingekuwa robo ya gameti. Lakini krosova si kila mara huangukia ndani, kitanzi si kila mara hufanyika, na baadhi ya mimba huharibika mapema. Kwa mbebaji wa inveshoni hii, uwezekano wa kupata mtoto mwenye kromosomu hiyo ya Q mbili umekadiriwa kuwa asilimia 6.2.

Uchunguzi wa mbegu za kiume za wabebaji mbalimbali umeonyesha mwelekeo huo huo. Kipande kilichogeuka kikiwa chini ya asilimia 30 ya kromosomu, gameti zenye kasoro karibu hazionekani. Kikizidi nusu, zinakuwa nyingi. Inveshoni kubwa ina hatari maradufu: inakaribisha krosova, na inaacha ncha fupi ambazo kuzidi au kupungua kwake hakuui mimba mapema.

Tahadhari moja ya vipimo. Maikroarei hupima *kiasi* cha DNA, si mpangilio wake. Mzazi mbebaji ana kiasi kamili, kwa hiyo jibu lake litatoka safi kabisa. Mtoto akionekana na ziada upande mmoja wa kromosomu na upungufu ncha ya pili ya kromosomu hiyo hiyo, wazazi wapimwe kwa karyotaipu, ambako mpangilio wa mistari huonekana kwa macho. Kurudia maikroarei kwa wazazi ni kupoteza fedha.

Dhana: Heterozigoti lazima awe na uzazi hafifu

Kwa hesabu ya juu juu, daraja na vipande vilivyopotea vingepunguza mayai. Lakini nzi wa matunda wa kike, *Drosophila*, wenye inveshoni za parasentriki hutaga mayai yanayoanguliwa karibu kama kawaida. Wanajenetiki Sturtevant na Beadle walieleza sababu mwaka 1936. Katika jike, mazao manne ya meiosisi hujipanga mstari mmoja, na kiini cha yai hutoka kwenye lile la mwisho upande wa ndani. Daraja hushikilia kromatidi yenye sentromia mbili katikati ya mstari, kwa hiyo nafasi za mwisho huenda kwa zile ambazo hazikubadilishana. Nao madume wa nzi huyu hawana krosova kabisa. Hasara inaishia kwenye seli ambazo hata hivyo zingetupwa. Inveshoni za perisentriki hazipati kinga hii, kwa sababu hazitengenezi daraja.

Dhana: Jeni zilizo ndani ya inveshoni zimefungwa moja kwa moja

Mfano wa karibu nasi ni mbu *Anopheles gambiae*, mwenezaji wa malaria. Kwenye mkono wa kushoto wa kromosomu yake ya pili kuna inveshoni ya parasentriki iitwayo 2La, yenye jozi za besi milioni 22 hivi, karibu nusu ya mkono huo. Huko Kameruni, 2La ni adimu kwenye misitu ya kusini yenye unyevu, na kadiri unavyopanda kaskazini kwenye savana kavu inaongezeka mpaka karibu kila mbu anayo. Kundi zima la jeni linasafiri pamoja kwa sababu mchanganyiko umezimwa.

Lakini umezimwa kwa heterozigoti tu. Mbu mwenye 2La mbili hahitaji kitanzi. Kromosomu zake zinalingana, na krosova huenda kama kawaida. *Anopheles arabiensis*, anayestahimili maeneo makavu ya Kenya na Tanzania, wote wana 2La, hivyo ndani yao kipande hicho hakizuii chochote. Na hata kwa heterozigoti mlango una ufa: krosova mbili kati ya kromatidi zile zile mbili, zote ndani ya kitanzi, hutoa kromosomu kamili. Pia kuna ubadilishaji mdogo wa jeni, ambapo kipande kifupi cha DNA hunakiliwa kutoka kwa mwenza bila krosova. Ufa huu ni mpana katikati ya inveshoni kubwa na mwembamba kwenye ncha zake, kwa hiyo ncha ndizo hutofautiana zaidi.

Kumtambua heterozigoti kuna njia mbili. Ya kale ni kuchukua jike mwenye mayai yaliyokomaa nusu, kuhifadhi ovari kwenye mchanganyiko wa sehemu tatu za alkoholi na moja ya asidi ya asetiki, kisha kuzibonyeza chini ya kioo chembamba ili kromosomu kubwa za seli walezi zitandazike. Heterozigoti anaonekana kwa kitanzi chake. Jike aliyekula damu muda mfupi mno uliopita, au ambaye mayai yamekwisha kukomaa, hatoi mistari inayosomeka. Njia ya pili ni PCR ya 2La, yaani kukuza vipande vya DNA, yenye praima tatu: mstari wa jozi za besi 492 ni inveshoni, wa 207 ni mpangilio wa kawaida, na heterozigoti ana yote miwili. Kipande kifupi hukuzwa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo DNA ikiwa chache au imechakaa, mstari wa 492 unaweza kufifia na heterozigoti akaandikwa kimakosa kuwa wa kawaida. Sampuli yenye mstari wa 207 peke yake na DNA dhaifu irudiwe kabla ya kuingizwa kwenye hesabu.