Mwelekeo si tofauti ya jana na leo

Mwelekeo ni njia ambayo namba imekuwa ikiifuata kwa siku nyingi mfululizo. Ulinganisho ni kuviweka vitu pamoja na kuona kipi kimezidi kipi, na kwa kiasi gani. Wa kwanza huchorwa kwa mstari, wa pili kwa mihimili, yaani nguzo zilizosimama kando kwa kando.

Kinachoniudhi ni kuona mstari ukichorwa pasipo na safari. Neno mwelekeo linatokana na kuelekea, na hakuna anayeelekea mahali bila kutoka mahali. Nimeona ripoti ya asubuhi ya meneja yenye oda za jana za matawi matano: 500, 480, 410, 390 na 350. Aliyeiandaa aliziunganisha kwa mstari. Meneja akatazama, akauliza, "Mbona tunashuka?" Hakuna kilichoshuka. Mstari ulitoka tawi moja kwenda jingine, na kati ya tawi na tawi hakuna kitu. Ukitaka kujua kama mstari unafaa, vuruga mpangilio: ukiyapanga matawi upya na habari ikabaki ileile, chora mihimili. Siku huwezi kuzivuruga, kwa hiyo zinastahili mstari.

William Playfair, Mskoti anayehesabiwa mwanzilishi wa chati za takwimu, alilijua hili tangu mwaka 1786. Katika atlasi yake ya biashara alichora mistari mingi, kwa sababu alikuwa na takwimu za miaka mingi. Kwa Uskoti alikuwa na takwimu za mwaka mmoja tu, za biashara ya Uskoti na nchi 17. Hapo akachora mihimili. Mhimili uliingia pale miaka ya kuunganisha ilipokosekana.

Kulinganisha nako kumetoka kwenye kulingana, yaani kuwa sawa, na mihimili hailinganishiki isiposimama kwenye sakafu moja, sifuri. Anzisha kipimo cha pembeni kwenye 460, na tawi la oda 500 litaonekana refu maradufu ya lile la 480, kwa kuwa jicho linapima urefu: 40 kwa 20. Mstari unaweza kuanzia juu ya sifuri, kwani pale jicho linafuata mteremko.

Tatizo la ripoti ya kila siku ni kwamba siku za juma hazifanani. Jumapili ikiwa na oda 300 na Jumatatu 420, huo ni mzunguko wa juma, hautoshi kuitwa ukuaji. Pima Jumatatu hii na Jumatatu iliyopita, au chora wastani wa siku 7 zilizopita, unaosogea siku moja kila asubuhi. Wastani huo huchelewa kuonyesha badiliko la ghafla, basi acha namba ya siku ionekane nyuma yake kwa rangi hafifu.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeandika "mwelekeo wa jana ni mzuri", andika tu "jana tumezidi juzi kwa oda 40". Meneja atakuelewa vizuri zaidi.