Simu au mirolesi kwenye harusi ya usiku: yanayosemwa Mtwara na yaliyo kweli

Minada ya korosho ikianza Oktoba, haichukui muda kadi za michango zinaanza kugongana mkononi. Ndipo vijana wengi wa Mtwara na Lindi huingia kwenye kazi ya picha za harusi, na ndipo makosa ya kununua vifaa hutokea. Mwaka juzi kijana mmoja wa Mikindani alinijia na kamera mpya ya mirolesi, ile isiyo na kioo ndani, pamoja na lenzi yake ya kwenye boksi. Alikuwa ametoka kupiga sherehe ukumbini usiku. Akaniambia, "Kaka, mbona picha za simu yangu zilikuwa safi kuliko hizi?"

Swali lake lilikuwa la haki, kwa sababu alikuwa amenunua dhana ya kwanza.

"Ukiwa na mirolesi, giza la ukumbini si tatizo tena"

Ni tatizo bado, na hesabu yake ni rahisi. Sensa, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ya kamera za bei ya chini za aina hii ina upana wa milimita 23.5 na kimo cha 15.6 hivi. Sensa kuu ya simu nzuri ni karibu milimita 10 kwa 7. Kwa eneo, ya kamera ni kubwa mara tano. Hapo muuza duka hunyamaza, na mteja hulipa.

Asichokwambia ni kuhusu tundu la lenzi. Tundu huandikwa kwa f, na namba ikiwa kubwa tundu ni dogo. Lenzi ya simu huwa na tundu la f/1.8 au karibu na hapo. Lenzi ya kwenye boksi, mathalani ile ya 16-50mm, imeandikwa f/3.5-5.6. Maana yake ukiivuta hadi mwisho, inapitisha mwanga pungufu mara kumi hivi kwa kila kipande cha sensa. Sensa imekuongezea mara tano, lenzi imekunyang'anya mara kumi, umebaki na nusu ya mwanga wa simu. Usipoivuta, ukapiga kwa upana wake wote, mnakaribia kulingana. Na simu haiishii hapo: hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha kuwa moja, kazi ambayo kamera ya kijana wetu ilikuwa haimfanyii.

Kwa hiyo simu yake ilishinda kweli. Lakini ilishinda maharusi wakiwa wamekaa kwenye jukwaa. Nilipomwomba anionyeshe picha za simu za wakati wa kuingia na za kucheza, mikono ilikuwa ukungu mtupu na uso wa bibi harusi umelainishwa kama umepakwa unga. Kuunganisha picha nyingi kunahitaji mtu atulie, na singeli haimtulizi mtu. Ukivuta simu kwa vidole kutoka mbali unapoteza zaidi, maana mara nyingi unakata tu kipande cha picha.

Kilichokosekana kwa kijana hakikuwa kamera nyingine. Ilikuwa flashi.

"Flashi inaharibu picha, tena simu nayo inayo"

Taa ya simu ni kitaa kidogo kinachowaka mfululizo. Kinamulika meza iliyo mbele yako, basi. Flashi ya kubandika juu ya kamera hutoa mwanga mkubwa kwa muda mfupi sana, chini ya sehemu ya elfu moja ya sekunde ikiwa imepunguzwa nguvu, na ufupi huo ndio unaomgandisha mchezaji hewani. Inaharibu picha pale tu unapoielekeza usoni moja kwa moja: paji la uso linang'aa, na nyuma ya maharusi kunakuwa usiku wa manane.

Tulirudi naye kwenye ukumbi mwingine wa mjini, sherehe ya wiki iliyofuata. Nilimwekea hivi: shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, 1/160 ya sekunde, tundu f/4 lenzi ikiwa haijavutwa mbali, ISO, yaani kiwango cha kamera kukuza mwanga, 800, flashi kwenye robo ya nguvu, kichwa chake kikitazama dari, nyuma ya mpigaji kidogo. Dari ilikuwa nyeupe. Mwanga ulipanda, ukarudi chini umetawanyika, na ngozi ya watu ikarudi rangi yake badala ya zambarau ya taa za mapambo.

Saa moja baadaye maharusi walihamia upande wa keki, na nyuso zote zikawa za waridi. Kamera haikuwa na hitilafu. Upande ule wapambaji walikuwa wametandaza vitambaa vya waridi chini ya dari, na flashi ikipiga kitambaa hurudi na rangi ya kitambaa. Siku hizi nikiingia ukumbini natazama juu kabla ya kusalimia kamati. Kukiwa na vitambaa vya rangi, nafunga karatasi nyeupe ngumu nyuma ya kichwa cha flashi kwa mpira wa kufungia noti, nakielekeza juu, kisha nasogea karibu.

Kuna mambo mawili yatakayokusumbua na flashi ya bei nafuu. Picha ikitokea na mkanda mweusi upande mmoja, umepandisha kasi ya shata kupita kiwango cha kamera kwenda pamoja na flashi. Kwa Sony a6000 kiwango ni 1/160. Shusha, mkanda utaondoka. La pili ni betri. Flashi nyingi hula betri nne ndogo za AA, na ukitia zile za bei rahisi za dukani utasubiri ijichaji huku pete inavishwa. Nunua za kuchaji, seti mbili.

"Mirolesi yoyote inapokea flashi"

Hapana, na hili limewaliza watu. Sony ZV-E10 II ya mwaka 2024 ni kamera nzuri ya video, lakini haina shata ya kimakanika na haifanyi kazi na flashi kabisa. ZV-E10 ya kwanza inafanya. Majina yanafanana, kwa hiyo nenda dukani na flashi ya kuazima, ibandike, piga picha, hakikisha mwanga umeonekana ndani ya picha na si kwa macho yako tu.

Mtu akiniuliza mtaji mdogo auweke wapi, namwambia achukue bodi ya kamera iliyotumika yenye afya, lenzi ya kwenye boksi, na flashi. Lenzi ya 50mm f/1.8 ije baadaye. Ni tamu, ila kwenye sensa hizi inabana picha kama lenzi ya 75 au 80, na sebule ya nyumba ya Shangani haina nafasi ya wewe kurudi nyuma ili familia nzima iingie.

"Simu yenye megapikseli 200 inatosha albamu"

Albamu hata ya inchi 12 kwa 18 inaridhika na megapikseli tisa hivi ikichapwa kwa nukta 200 kwa inchi. Idadi haijawahi kuwa kikwazo. Ukungu wa mwendo ndio kikwazo, na hauondolewi na megapikseli.

"Mpiga picha wa kweli hatoi simu"

Mimi naitoa. Kamera hizi za mwanzo huwa na nafasi ya kadi moja tu. Kadi ikifa, harusi imekufa nayo. Kwa hiyo ndoa inapofungwa mchana, baada ya kupiga kwa kamera napiga na simu tukio lilelile mara mbili tatu, na hizo ndizo ninazomtumia mama wa bibi harusi jioni ileile. Natuma kama faili la kawaida, maana WhatsApp ikituma kama picha huibana.

Mchana chini ya turubai la bluu, simu na kamera zote hushindwa sawasawa: watu wote wanakuwa bluu, na hakuna dari ya kurudishia flashi. Hapo nawaomba maharusi hatua tatu tu hadi ukingoni mwa turubai, migongo yao kivulini, nyuso zikitazama nje kwenye mwanga.