Kompyuta nzito inayojizima: SSD huponya nini, na haiponyi nini?

"Kompyuta yangu ya zamani ni nzito na inajizima ovyo. Je, niitengeneze, niiwekee SSD au ninunue nyingine?"

Hayo ni matatizo mawili, na la kujizima ndilo lichunguzwe kwanza. Uzito, yaani kufanya kazi polepole, mara nyingi hutokana na diski ya kuzunguka, ambayo kichwa chake cha kusomea hulazimika kuhama huku na huko kutafuta vipande vidogo vya data. SSD ni diski isiyo na kinachozunguka, hivyo haisubiri kichwa kihame. Ukifungua Task Manager ukakuta Disk imefika 100% ilhali inasoma megabaiti moja au mbili tu kwa sekunde, SSD itakufaa. Kujizima, hata hivyo, hakutibiwi na SSD isipokuwa diski yenyewe ndiyo inayokufa.

Niliwahi kuletewa kompyuta ya mezani ya duka la stesheneri la Ngamiani, Tanga, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 4 na vipande viwili vya RAM vya gigabaiti 4 kila kimoja. Fundi aliyenitangulia alikuwa amenakili diski nzima kwenye SSD. Mashine ikawa inawaka kwa chini ya nusu dakika, mwenye duka akafurahi siku tatu, kisha kujizima kukarudi, kwa skrini ya bluu yenye maneno `MEMORY_MANAGEMENT`. Niliendesha `mdsched.exe`, kipimo cha RAM cha Windows, nacho kikaripoti hitilafu. Nilipochomoa RAM, meno yake ya dhahabu yalikuwa yamefifia na kushika utando, jambo lisilo geni kwa mashine inayokaa dirishani ikipigwa na upepo wa chumvi. Niliyasugua taratibu kwa raba ya shule, nikapima kipande kimoja kimoja: cha kwanza kikapona, cha pili nikakibadilisha. Kosa halikuwa SSD bali mpangilio wa kazi, kwani data inayopita kwenye RAM mbovu wakati wa kunakiliwa huweza kuandikwa ikiwa imeharibika, na ndiyo maana ilinibidi kusakinisha Windows upya.

Mashine ikizimika ghafla bila skrini ya bluu baada ya kufanya kazi nzito, shuku joto: vumbi kwenye feni, au dawa ya kupitisha joto la prosesa iliyokauka. Hayo ni matengenezo ya bei ndogo. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikionyesha Caution na namba ya C5, yaani hesabu ya sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka, inapanda, hamisha mafaili yako kabla ya jambo jingine lolote. Hapo SSD ndiyo tengenezo lenyewe. Lakini ukikuta kapasita za ubao mkuu zimevimba vichwa, mimi nisingeongeza hata shilingi.

Kikomo kingine ni Windows. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi kwa sehemu kubwa. Mwenye stesheneri nilimweleza hivyo, akachagua kuitumia kwa kuchapa tu, bila intaneti, na atakaponunua nyingine SSD ile ile itachomolewa na kuhamia huko, mradi hiyo mpya iwe na kiunganishi cha SATA.